Diwani aliyewajengea choo wasioweza kumpigia kura

Saa moja asubuhi, cherehani ya Mama Futi inakwenda kasi barazani kwake, na benchi lililo mbele yake limejaa. Mwenye suruali ya kupunguza kiuno amekaa karibu na mwenye mgogoro wa mpaka wa uwanja. Pembeni yao kuna bibi mmoja ambaye hana nguo wala mgogoro, amekuja tu kusikiliza ya watu.

"Mama, mimi nina nguo na shida pia," anasema mwenye suruali. "Nianze na ipi?"

"Anza na nguo. Shida yako naijua, ni ile ya juzi, na jibu ni lile la juzi."

Benchi zima linacheka. Mama Futi hacheki, ana pini mdomoni. Shingoni ananing'iniza ile futi ya kupimia iliyompa jina. Ameivaa kwa muda mrefu kiasi kwamba huisahau, na amewahi kuingia nayo ukumbini kwenye baraza la madiwani, akahutubia kutoka mwanzo hadi mwisho huku wenzake wakitazama inchi badala ya kumsikiliza.

Leo ni Ijumaa. Jumapili wananchi wa kata hii wanapiga kura, na fundi huyu, aliyewaongoza kwa vipindi viwili, anaomba cha tatu. Picha yake imebandikwa kwenye nguzo zote hadi stendi. Na ukipita hapo stendi, mahali penye kura nyingi kuliko pengine popote katani, utasikia wazi kwamba wapo wanaomnunia.

Wanamnunia kwa sababu ya choo.

"Ningekuwa nimeiba, ningeelewa," anasema, akiitoa pini ya mwisho. "Lakini choo!"

Habari yenyewe inaanzia kwenye mtaa wa bondeni, upande wa chini wa kata. Huko kuna shule ya msingi ambayo mvua za mwaka huu zilikididimiza choo chake. Shimo la upande wa wasichana lilibonyea usiku, la wavulana likapata ufa wa kutisha. Bwana afya alipokuja kukagua hakuwa na namna, akatoa ilani: visipojengwa vyoo vipya kabla muhula haujaanza, shule itafungwa.

Mwalimu mkuu, mama mpole mwenye sauti ya chini, anakumbuka siku zile kwa uchungu. "Wasichana wa darasa la sita na la saba walikuwa wanaomba ruhusa ya kwenda kujisaidia kwa majirani. Ukimruhusu saa tatu, anarudi saa tano. Wengine hawarudi. Unajua wanapitia nini njiani? Mimi nilikuwa nafundisha huku natazama mlango."

Kwa kawaida jambo kama hilo hushughulikiwa na diwani. Lakini wiki chache kabla ya hapo, tume ya uchaguzi ilikuwa imechora upya mipaka ya kata, na mtaa wa bondeni ukahamishiwa kata jirani. Mabadiliko hayo yangeanza kutumika kwenye uchaguzi huu. Yaani hadi siku baraza litakapovunjwa, watu wa bondeni walikuwa bado watu wa Mama Futi. Ila kura zao zilikwishahama.

Basi wakawa hawana mwenyewe. Diwani wa jirani aliwaona kuwa si wake bado. Na kambi ya Mama Futi iliwaona kuwa si wake tena.

Aliyelisema hilo bila kumung'unya maneno ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye ndiye meneja wa kampeni zake. Ni mtu wa vichekesho na hesabu za kura, na hasira zake haziishi dakika mbili. "Nilimwambia, shemeji, hawa watu nawapenda, nimekula kwao, nimeolea kwao. Lakini hawatupigii kura! Unapika chungu kizima unakwenda kupakua nyumba ya jirani, na wewe watoto wako wanakutazama!"

Watoto wenyewe, katika mfano huo, walikuwa ni watu wa stendi. Baraza lilikuwa limewatengea fedha za kuweka taa, maana giza la pale limewachosha wauza matunda na abiria wa alfajiri. Zabuni ilitangazwa, mzabuni mwenye sifa hakupatikana. Ikatangazwa tena, hali ikawa ile ile. Mwaka wa fedha ulikuwa unaelekea ukingoni, na wataalamu wa halmashauri walikwishamweleza diwani waziwazi kwamba kwa muda uliobaki taa haziwezi kujengwa, na fedha isiyotumika itarudi kwenye mfuko mkuu na kuombwa upya mwakani.

Mgombea yeyote mwenye akili za kampeni angeiacha iende zake, kisha asimame stendi aseme: fedha zenu za taa zipo, nirudisheni nikazisimamie. Si uongo kamili. Na shemeji alikuwa amekwishaiandika hotuba.

Mama Futi akakata shauri la kuomba fedha hizo zihamishiwe kwenye vyoo vya bondeni.

Hapa inafaa kueleza, kwa sababu wengi wetu hudhani diwani ana kabati la fedha nyumbani na ufunguo wake. Hana. Hawezi kutoa fedha ya halmashauri hata ya kununulia msumari. Anachoweza ni kulisukuma jambo kutoka kikao kimoja hadi kingine, na kila kikao kina mlango wake na bawabu wake.

Kwanza wazazi wa bondeni wakakutana kwenye mkutano wa mtaa, wakakubali kuchimba mashimo kwa nguvu zao wenyewe. Kisha kamati ya maendeleo ya kata, ambayo yeye ndiye mwenyekiti wake, ikakaa. Mwenyekiti wa mtaa wa stendi alipiga meza hadi maji yakamwagika. "Unatuvua nguo kuwavisha watu wanaohama!" alisema. Mama Futi hakumnyamazisha. Alimwacha aseme yote, kisha akamwomba mtaalamu wa manunuzi asimame aeleze kama taa zingejengwa mwaka huu. Mtaalamu akasema hapana. Kura zikapigwa, hoja ikapita kwa tofauti ndogo, na mwenyekiti wa mtaa wa stendi akaondoka bila kuaga.

Baadaye wataalamu wa mkurugenzi wakaandaa makadirio, kamati ya fedha ikaridhia, likabaki baraza lenyewe. Hilo ndilo lenye kauli ya mwisho. Na kikao kilichobaki kilikuwa kimoja tu, maana wiki hiyo hiyo baraza lingevunjwa kupisha uchaguzi.

Mama Futi anasema alilala vizuri usiku wa kuamkia kikao hicho. Hakuwa na wasiwasi na kura za madiwani wenzake, alikwishawazungukia mmoja mmoja. Jambo alilolisahau ni moja. Ule ulikuwa msimu wa kutafuta uteuzi wa vyama, na diwani anayetafuta haonekani kwenye kikao.

Asubuhi ile ukumbi ulikuwa na viti vingi na watu wachache. Mkurugenzi, ambaye ndiye katibu wa baraza, akahesabu waliohudhuria. Akarudia. Akamnong'oneza mwenyekiti. Akidi haikutimia, alipungua mjumbe mmoja.

Kanuni za kudumu za baraza ziko wazi: bila nusu ya wajumbe kikao hakifunguliwi. Mwenyekiti anaruhusiwa kusubiri kwa saa moja, baada ya hapo analazimika kuahirisha. Na kuahirisha, siku ile, kulikuwa sawa na kuizika hoja. Hakukuwa na tarehe nyingine ya kuahirishia.

Simu zikaanza kupigwa. Mmoja yuko kijijini kwao. Mwingine anaumwa, ingawa nyuma yake zilisikika ngoma na vigelegele. Wa tatu akasema yuko njiani, na kila mwanasiasa mle ndani alijua maana ya neno hilo.

"Nilikaa nikashika tama," anasema Mama Futi. "Nikawaza, hivi kweli watoto wakae nyumbani kwa kukosa mtu mmoja wa kukalia kiti? Si wa kusema, jamani. Wa kukaa tu!"

Ndipo akamkumbuka diwani wa kata jirani, yule atakayerithi mtaa wa bondeni. Mtu mnene, mchangamfu, asiyevua kofia yake pana hata ndani ya nyumba, na wote humwita Bwana Kofia. Ni wa chama kingine. Na kwa bahati nzuri au mbaya, siku ile alikuwa na mkutano wake karibu tu na pale, huko huko bondeni.

Mama Futi akasimama. Mwenyekiti akamtazama juu ya miwani. "Mheshimiwa, ukitoka wewe tunapungua wawili."

"Nikirudi na mtu, tunatosha, mheshimiwa mwenyekiti. Wewe shikilia saa."

Shemeji alikuwa nje na pikipiki, amejiandaa kwa safari tofauti kabisa. Mchana ule wajumbe wa chama chao, ambao ndio huchuja wagombea, walikuwa wanakutana katani kuwasikiliza wanaoomba uteuzi. Kila mwombaji angepewa nafasi ya kusimama na kusema. Asiyefika angesemewa na kiti kitupu.

"Nikamwambia, shemeji, tukienda bondeni sasa hivi, kikao kitachelewa, na kule hutafika," anasimulia. "Akapanda nyuma akanipiga bega. Nikawasha. Nilimtukana njia nzima, kimoyomoyo, maana ni mkubwa wangu."

Walimkuta Bwana Kofia amesimama juu ya gari la mizigo, kipaza sauti mkononi, anawaahidi watu wa bondeni kwamba wakimchagua, jambo lake la kwanza litakuwa vyoo vya shule.

Mama Futi hakumkatiza. Alisubiri chini hadi makofi yakaisha, kisha akamwita pembeni, nyuma ya gari. Yaliyosemwa pale yanasimuliwa sawasawa na wote wawili.

"Choo unachokiahidi kiko mezani kwa baraza sasa hivi," alimwambia. "Kinakungoja wewe ukakae."

"Mama Futi, ukikijenga wewe leo, mimi nitaahidi nini?"

"Hutaahidi. Utasema umekijenga. Njoo uunge mkono hoja yangu, iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba ni wewe. Siku ya kukizindua simama wewe, kata utepe wewe. Mimi hata sitakuja."

Bwana Kofia, tulipomfikia kwa simu, alicheka kicheko kirefu. "Nilikwenda kwa ajili ya kura, sikatai. Niseme uongo ili iweje? Lakini nikwambie kitu kimoja. Nimekaa kwenye siasa tangu sina mvi. Watu wameniomba kila kitu, mpaka kofia hii wameniomba. Sijawahi kuona mtu anayenipa sifa yake mkononi, kipindi cha uchaguzi, halafu ananihimiza niharakishe."

Wakapanda pikipiki watatu, Bwana Kofia katikati, kofia imebanwa kwapani kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya uongozi. Walipoingia ukumbini mwenyekiti alikuwa amesimama, anakohoa, anasafisha miwani, anapangusa meza ambayo haikuwa na vumbi. Saa ilikuwa haijaisha. Mkurugenzi akahesabu, akatikisa kichwa kukubali, na kikao kikafunguliwa.

Mama Futi akatoa hoja. Bwana Kofia akasimama kuiunga mkono, akaisifu hoja na kujisifu mwenyewe kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Ikapita bila kupingwa. Mambo mengine ya siku yakaendelea hadi jua likazama.

Kule katani, kiti chake kilikaa kitupu. Wajumbe wengine waliguna, wengine wakasema huyu mama ametudharau. Alikuja kupita kwenye uteuzi kwa kura za kuhesabu vidoleni. Shemeji anasema hadi leo hajui zilitoka wapi, naye ndiye alikuwa anazihesabu.

Mtu anaweza kudhani mama huyu alizaliwa hivi. Hakuzaliwa hivyo, na yeye ni wa kwanza kusema. Mara ya kwanza aligombea kama wengine wanavyogombea: aliahidi lami kwenye barabara kuu inayopita katani. Watu wakamshangilia hadi viatu vikapotea. Akashinda, akaapishwa, akaenda kwa mhandisi wa halmashauri kuulizia lami yake. Mhandisi akamjibu kwa heshima kwamba barabara ile si ya halmashauri, ni ya serikali kuu, na baraza halina mamlaka hata ya kufukia shimo lake.

"Niliona aibu," anasema. "Nimeomba kazi bila kujua kazi yenyewe ni ipi! Nikaitisha mkutano nikawaambia ukweli. Walinizomea, na walikuwa na haki. Toka siku ile nikachukua zile kanuni, nikawa nazisoma huku nashona."

Kanuni hizo bado ziko kwenye droo ya cherehani, pamoja na vifungo. Cherehani yenyewe hajawahi kuiacha. Udiwani si ajira, haulipwi mshahara wa kumweka mtu mjini. Ni posho, na posho ya kikao haizidi anachopata akishona kutwa nzima. Mumewe, fundi bomba mwenye maneno machache, alipoulizwa familia inanufaikaje na uongozi wa mkewe, alifikiri sana kabla ya kujibu.

"Tumepata benchi," alisema.

Kwake Mama Futi, kuutafuta uongozi na kuufanya ni kazi mbili ambazo kwa bahati mbaya hupewa mtu mmoja. "Ya kutafuta inataka uonekane. Ya kutumikia, mara nyingi unakuwa ndani ya chumba, unabishana juu ya kipengele, na nje hakuna anayejua kama upo. Mimi ile ya kwanza siipendi. Ila bila hiyo, hii ya pili hupewi. Kwa hiyo natafuta. Naimba, nacheza, nabeba watoto wa watu. Natafuta kabisa!"

Jana alitafuta stendi. Mpinzani wake, kijana mwenye duka la simu, alikuwa amepita kabla yake na kuahidi taa ndani ya mwezi mmoja. Muuza ndizi mmoja akamsimamisha Mama Futi mbele ya watu. "Taa zetu umezipeleka chooni. Sasa wewe unatuahidi mwezi gani?"

Shemeji alifumba macho. Yeye akajibu kwamba hana mwezi wa kuahidi. Alieleza zabuni ilivyokwama, akaeleza kwamba hoja ya taa inaweza kuanza tena kwenye kamati ya kata na kuingia kwenye bajeti ijayo, na kwamba mtu anayewatajia mwezi hajui fedha inapitia wapi. Waliopiga makofi walikuwa wachache. Muuza ndizi hakupiga. Ila alimwongezea ndizi moja kwenye fungu alilonunua, na shemeji amekataa katakata kuihesabu kama kura.

Kwenye shule ya bondeni mafundi wanamalizia kupaka chokaa. Matundu ya wasichana yana milango inayofungwa kwa ndani, jambo ambalo mwalimu mkuu aliligusia kwa kuufungua na kuufunga mlango mmoja mara kadhaa. Utepe ulikatwa wiki iliyopita na Bwana Kofia, mbele ya watu wengi. Mama Futi alitimiza ahadi yake, hakwenda. Alikuwa barazani kwake, anashona sare za watoto wa shule hiyo hiyo.

Akishinda Jumapili, anasema, jambo la kwanza atakalolipeleka kwenye kamati ya kata ni taa za stendi, na safari hii atataka zabuni itangazwe mapema mwanzoni mwa mwaka wa fedha, si mwishoni. Akishindwa je? Anaukata uzi kwa meno kabla ya kujibu. "Vikao vya baraza viko wazi, kuna viti vya wananchi kule nyuma. Nitakwenda na taa zangu nikakae hapo. Nikiona akidi imepungua, najua pikipiki ilipo."

Wakati anasema hayo, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni anafika na kusimama mbali kidogo na benchi. Ametokea bondeni. Mfereji wa mtaani kwao umeziba, maji machafu yanaingia ndani. Amekwenda kwa wagombea wa kata yake mpya, wote wamemwambia asubiri Jumapili ipite.

Shemeji, ambaye alikuwa anakunja vipeperushi, anainua kichwa. "Mama, lakini wewe si hupigi kura huku?"

"Najua. Nimekuja kwa diwani."

Mama Futi anaisimamisha cherehani. "Mimi si diwani tena, mdogo wangu. Baraza limevunjwa, hata muhuri nimekwisha kurudisha. Kwa sasa sina cheo chochote."

Yule mama anamweka mtoto vizuri mgongoni.

"Haya," anasema. "Basi nimekuja kwako."

Mama Futi anavua miwani, anapangusa macho yake kwa ncha ya kanga, na kumwita shemeji awashe pikipiki. Watakwenda kwa mtendaji wa kata, anaeleza, ambaye ni mwajiriwa, havunjwi pamoja na baraza, na ofisi yake iko wazi hata leo.

"Na mkutano wetu wa saa nne?" anauliza shemeji. "Ni wa mwisho huu!"

"Tutafika, tukiwahi," anasema, na tayari yuko barabarani na yule mama, futi ikiwa bado shingoni.

Shemeji anaangalia vipeperushi mkononi, anaangalia benchi lililojaa wapiga kura halali. Anampa kimoja yule bibi aliyekuja kusikiliza tu.

"Msomee na mwenzio," anamwambia, kisha anakimbilia pikipiki.